Kichwa cha Slaidi Kiseme Jambo: Mhadhara kwa Wahasibu na Maofisa Mipango Kuhusu Kuwasilisha Matokeo ya Robo Mwaka



Nimeombwa nizungumzie wasilisho la matokeo ya robo mwaka mbele ya wakuu wanaotaka mambo makuu tu. Ombi hilo mnalijua vizuri. Katibu wa menejimenti anapiga simu jioni: "Mkurugenzi anasema mje na mambo makuu, msilete marefu." Wengi wetu tukisikia hivyo tunafungua ripoti ya kurasa arobaini na kuanza kupunguza. Tunaondoa jedwali hapa na aya pale, maandishi tunayafanya madogo ili mengi yaenee, na kesho yake tunasimama na slaidi kumi na nane badala ya thelathini. Mkuu anatoka akiwa na malalamiko yale yale. Yeye hakuwa analalamikia wingi wa kurasa. Alitaka mtu mwingine awe ameshafanya kazi ya kuamua lipi ni zito, na kazi hiyo tumemrudishia mezani.

Leo basi tutengeneze wasilisho moja mwanzo hadi mwisho. Nimechagua mamlaka ya maji ya mji mmoja wa Tanzania. Mji siutaji kwa sababu takwimu zote ni za kufundishia, nimezitunga mwenyewe ili hesabu ziwe nyepesi. Ila mwenye kuzijua mamlaka zetu atazitambua hali zake.

Robo yenyewe ni Januari hadi Machi. Kwenye slaidi iandikwe hivyo hivyo, kwa majina ya miezi. Mwaka wa fedha wa taasisi zetu za umma huanza Julai, kwa hiyo kwetu hii ni robo ya tatu. Mjumbe aliyetoka benki, ambako vitabu hufungwa Desemba, akisikia robo ya tatu atafikiria Julai hadi Septemba. Nimeona kikao kikibishana kwa muda mrefu kumbe kila upande unazungumzia miezi yake.

Takwimu ni hizi. Mamlaka imezalisha uniti 2,000,000 za maji, na katika miezi kama hiyo mwaka jana ilizalisha 1,900,000. Maji yaliyopitia dira za wateja na kutolewa ankara ni uniti 1,300,000, mwaka jana yalikuwa 1,330,000. Bei ya wastani imetoka shilingi 1,500 kwa uniti hadi 1,650 baada ya bei mpya kuidhinishwa. Ankara zote zimefikia shilingi bilioni 2.145, kutoka bilioni 1.995. Bajeti ilitaka bilioni 2.200. Makusanyo ni asilimia 90 ya ankara, kama mwaka jana.

Ofisi nyingi zingeandika slaidi ya kwanza namna hii: kichwa, "Utendaji wa Kifedha, Robo ya Tatu", chini yake jedwali la mistari kumi na miwili, mwishoni, kwa maandishi ya kijani, "Mapato yamepanda kwa asilimia 7.5". Hakuna uongo hata mmoja hapo. Lakini mkurugenzi akiona rangi ya kijani atapongeza, watu watapiga makofi, na jambo kubwa la robo hii litapita bila kuguswa. Tumetia maji mengi zaidi kwenye mabomba na tumeuza machache zaidi.

Kabla ya kuandika slaidi yoyote, lazima kufanya hesabu ndogo ambayo jedwali halikufanyii. Mapato yamepanda kwa milioni 150. Yamepandishwa na nini? Bei imeongezeka kwa shilingi 150 katika kila uniti, nasi tumeuza uniti 1,300,000, kwa hiyo bei peke yake imeleta milioni 195. Uniti zilizouzwa zimepungua kwa 30,000, ambazo kwa bei ya zamani ya 1,500 ni hasara ya milioni 45. Toa 45 kwenye 195 unapata 150. Bila bei mpya tungeshuka. Mtu anayekwenda mbele ya wakuu bila kutenganisha bei na kiasi anabeba habari ambayo hajaifungua.

Sasa slaidi ya kwanza. Naiandika kama itakavyoonekana ukutani:

Mapato yamepanda kwa milioni 150, lakini maji tuliyouza yamepungua
Ankara Januari–Machi: bilioni 2.145
Mwaka jana, miezi hiyo: bilioni 1.995
Bajeti: bilioni 2.200

Basi. Tazameni kichwa. Ni sentensi kamili yenye kitenzi. Mkuu aliyechelewa, akaingia wakati slaidi inaondoka, akisoma kichwa tu ameondoka na habari. Nawashauri mjaribu hivi: someni vichwa vya slaidi zenu vyote mfululizo, bila kusoma kitu kingine. Vikisimulia habari inayoeleweka, wasilisho limekamilika. Vikisomeka "Utangulizi, Mapato, Matumizi, Changamoto, Hitimisho", mmeandika fahirisi.

Maneno ya kusema juu ya slaidi hiyo ni haya:

"Ndugu Mkurugenzi Mtendaji, wakuu wa idara. Ankara za robo hii ni bilioni mbili na milioni mia moja arobaini na tano. Tumepita mwaka jana kwa milioni mia moja na hamsini, na tumepungukiwa bajeti kwa milioni hamsini na tano. Makusanyo yamebaki asilimia tisini, hayana jipya. Jambo ninaloomba tulitazame ni maji. Tumezalisha mengi kuliko mwaka jana, tukauza machache. Mwishoni nitaomba uamuzi mmoja."

Mambo mawili katika maneno hayo. Tarakimu nimeziandika kama zinavyotamkwa. Kwenye karatasi 2.145 inapendeza, lakini msemaji mwenye hofu akiikuta atasema "mbili nukta moja nne tano", na mjumbe ataachwa aihesabu mwenyewe. Tena ombi limetajwa mapema. Mkuu anayejua kwamba atatakiwa kuamua husikiliza tofauti na yule anayedhani anapewa taarifa ya kusikia tu.

Makusanyo nayo hayakupewa slaidi. Mhasibu wa mapato atanuna, maana kwake hiyo ndiyo kazi ya miezi mitatu. Lakini asilimia haikubadilika na hakuna anachoombwa mtu kuamua juu yake. Jedwali lake linakaa kwenye kiambatisho, ukurasa wa kwanza, tayari kuonyeshwa akiuliza mtu.

Kuna swali la mlinganisho ambalo nalikuta kila ninapofundisha: tulinganishe na robo iliyopita, na mwaka jana, au na bajeti? Kwa maji, robo iliyopita hudanganya. Oktoba hadi Desemba na Januari hadi Machi hazina mvua sawa, na masika yanapoanza mwezi wa Machi, watu wanakinga maji ya bati na dira zinapunguza mwendo. Ukilinganisha na robo iliyopita unapima mawingu. Mwaka jana miezi ile ile ndio mlinganisho wa utendaji, na bajeti ndiyo mlinganisho wa ahadi. Hiyo miwili inatosha. Ukiongeza wa tatu, kila mjumbe atachagua unaomfaa.

Slaidi ya pili ni ile hesabu tuliyoifanya. Kichwa: Bei mpya imetuongezea milioni 195, kupungua kwa mauzo kumetuondolea milioni 45. Chini yake nguzo nne tu: mwaka jana 1,995, kupanda 195, kushuka 45, mwaka huu 2,145. Tarakimu ziwe juu ya nguzo zenyewe, ufunguo wa rangi pembeni hauhitajiki. Hapa msemaji aseme sentensi mbili na kunyamaza kidogo, kwa kuwa kuna mkuu atakayekuwa anatoa 45 kwenye 195 kichwani mwake, na ni vizuri amalize.

Slaidi ya tatu ndiyo yenyewe. Upotevu wa maji umetoka asilimia 30 hadi 35. Ukiandika "upotevu umeongezeka kwa asilimia 5" umetega mtego, kwa sababu msikilizaji mmoja ataelewa 30 imekuwa 35, mwingine ataelewa 30 imeongezeka kwa sehemu yake ya ishirini, yaani imekuwa 31.5. Njia ya kuukwepa mtego ni kuacha asilimia na kuhesabu uniti:

Kati ya kila uniti 100 tulizozalisha, 35 hazikutolewa ankara. Mwaka jana zilikuwa 30
Kanda mbili zinatumia maji mengi usiku wa manane

Mstari wa pili ni dalili, na hapa mwasilishaji lazima awe amekwenda kwa wahandisi kabla ya kikao. Kati ya saa nane na saa kumi usiku watu wamelala na mabomba ya nyumbani yamefungwa. Maji yanayoendelea kupita kwenye bomba kuu la kanda wakati huo, kwa sehemu kubwa, yanavuja. Kanda yenye afya mtiririko wake hushuka sana saa hizo. Kanda mbili za mji wetu hazishuki. Kipimo hicho ni rahisi, wakuu wasio wahandisi wanakielewa mara moja, na kinazuia kikao kisigeuke cha kulaumu wasoma dira.

Msemaji anasema hivi:

"Upotevu umetoka uniti thelathini hadi thelathini na tano katika kila mia. Kwa robo nzima, ongezeko hilo ni uniti laki moja. Tukihesabu umeme na dawa za kutibu maji tu, tumepoteza kama milioni arobaini. Tukihesabu kwa bei ya kuuzia ni milioni mia moja sitini na tano. Ukweli uko katikati, kwa sababu si yote yaliyovuja yangepata mnunuzi."

Nimejaalia kwamba kuzalisha uniti moja hugharimu shilingi 400 za umeme na dawa. Hapa ndipo mawasilisho mengi huanguka. Mwandishi anataka tarakimu inayotisha, anaweka 165 peke yake, na mhandisi mmoja mzee anauliza kwa upole: "Hayo maji yaliyovuja ardhini, ungemuuzia nani?" Swali hilo likikosa jibu, wakuu wanaanza kushuku hata tarakimu zilizo sahihi. Jibu linategemea mji. Mji wenye mgao una wateja wanaosubiri, na kila uniti iliyookolewa itauzwa. Kama mji una maji tele, uniti iliyookolewa inakupunguzia umeme tu. Na sehemu ya upotevu haijavuja kabisa, imetumiwa na watu waliojiunganishia kwa wizi au wenye dira mbovu. Hiyo huhesabiwa kwa bei ya kuuzia bila ubishi. Kwa hiyo tarakimu mbili na sentensi moja ya kuzieleza zina nguvu kuliko tarakimu moja kubwa.

Niwape mfano wa kweli wa gharama ya kichwa cha slaidi kibaya, nao haukutoka kwenye mambo ya fedha. Chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Columbia kiliruka tarehe 16 Januari 2003. Wakati wa kuruka, kipande cha sponji kilichomoka kwenye tangi na kupiga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi wa Boeing waliandaa slaidi kwa ajili ya wakuu wa NASA kueleza hatari yake. Kichwa cha mojawapo kiliashiria kwamba majaribio ya zamani yanatia moyo, kwamba makadirio yao yaliegemea upande wa tahadhari. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, palikuwa na habari kwamba kipande kilichopiga bawa kilikadiriwa kuwa na ujazo wa inchi za ujazo 1,920, wakati vilivyotumika katika majaribio vilikuwa na inchi 3. Yaani kikubwa mara 640. Majaribio yale hayakuweza kusema lolote kuhusu ajali hii. Tarehe 1 Februari chombo kilivunjika kikirudi duniani, na wanaanga wote saba walikufa. Bodi ya uchunguzi, katika ripoti yake ya mwaka huo huo, iliitaja slaidi hiyo, na profesa Edward Tufte ameichambua mstari kwa mstari. Sisemi slaidi ndiyo iliyowaua. Maamuzi yalikuwa mengi. Lakini wakuu wenye haraka husoma kichwa, na kichwa kilisema kinyume cha mstari wa mwisho.

Tufte alionyesha pia kwamba slaidi hiyo moja ilirudia mara tano neno lenye maana ya "kwa kiasi kikubwa", likibeba maana tofauti tofauti. Sisi tuna yetu: "kwa kiasi fulani", "hali ni ya kuridhisha", "changamoto mbalimbali". Kila mahali maneno hayo yanapokaa palipaswa kukaa tarakimu au jina la kanda. Na "changamoto" hasa ningependa tuipumzishe kwa mwaka mmoja tuone itakuwaje.

Slaidi ya nne ni ombi:

Tunaomba milioni 90 za kufunga dira 12 za kanda kabla ya 30 Juni
Zitaonyesha kanda ipi inavuja, kila wiki
Tukiokoa na kuuza uniti 40,000 kwa robo: milioni 66
Tusipofunga: tunaendelea kutafuta mivujo kwa taarifa za wananchi

Dira hizo haziokoi maji zenyewe. Zinaonyesha mahali pa kuchimba. Mwasilishaji aseme hivyo waziwazi, pamoja na kwamba milioni 66 ni kabla ya gharama za ukarabati, ili robo ijayo asije akaulizwa mbona dira zimefungwa na maji bado yanapotea. Ombi lina kiasi, kitu kinachonunuliwa, na tarehe. "Menejimenti inashauriwa kuangalia namna ya kupunguza upotevu" si ombi. Wakuu wataitikia kwa kichwa na kwenda kunywa chai.

Slaidi ni nne, dakika ni kumi. Ukisema Kiswahili kwa utulivu, dakika moja inatumia maneno mia moja hivi, kwa hiyo maandishi ya kusema yasizidi mia sita. Muda unaobaki ni wa maswali. Yasomeni kwa sauti mbele ya mtu asiye wa idara yenu. Msiyasome kwa macho, macho huruka. Na ofisi zinazolazimika kuweka slaidi kwa Kiingereza kwa ajili ya wafadhili, maneno ya kusema yabaki Kiswahili, hususan ombi. Nimeona mkuu akiidhinisha kitu alichokisikia nusu.

Maswali mawili yatakuja, na majibu yawe yameandikwa pembeni. La kwanza: "Dira ya pale kwenye chanzo ni nzima?" Kama dira ya uzalishaji inasoma zaidi ya kweli, upotevu wote tuliouzungumza unaweza kuwa wa karatasi. Jibu ni tarehe ya mwisho ilipohakikiwa, na kama hakuna tarehe, ombi lenyewe libadilike, lianze na dira hiyo. La pili: "Ankara ngapi zilikuwa za makadirio?" Msoma dira asipofika nyumba fulani, mfumo hukadiria matumizi. Makadirio ya chini mwezi Machi huonekana kama upotevu, kisha Aprili dira ikisomwa mauzo yanaruka ghafla bila sababu. Ukiona mauzo yanashuka mwisho wa robo na kuruka mwezi unaofuata katika kanda ile ile, shuku makadirio kabla ya kushuku mabomba. Mwasilishaji mzuri amekwisha kulichunguza hilo kabla ya kuandika slaidi ya tatu, na kama robo ya ankara za Machi ni za makadirio, hana haki ya kuiandika alivyoiandika.

Kuna jambo la mwisho ambalo linawakuta wote. Kikao kimechelewa, umepewa dakika tatu badala ya kumi. Usikimbize slaidi nne. Fungua ya nne moja kwa moja na useme: "Mapato yamepanda kwa sababu ya bei tu. Maji tunayopoteza yameongezeka, uniti thelathini na tano katika kila mia, na kanda mbili zinavuja usiku. Tunaomba milioni tisini za dira kumi na mbili kabla ya mwisho wa Juni. Mahesabu yako mezani kwenu." Halafu kaa tayari kwa swali la dira ya chanzo.

Kikao kikimalizika, mfuate katibu siku hiyo hiyo na sentensi ya kumbukumbu iliyoandikwa tayari: "Menejimenti imeidhinisha shilingi milioni 90 kwa dira 12 za kanda, mhusika ni Mkurugenzi wa Ufundi, zifungwe ifikapo 30 Juni." Kama wamekataa, andika wamekataa na sababu. Robo ya Aprili hadi Juni ikifika, slaidi yako ya kwanza itaanzia kwenye sentensi hiyo, kwa kipimo kile kile cha uniti katika kila mia, hata kama kwa wakati huo kuna kipimo kingine kinachopendeza zaidi.